Kufuli la Lamu: upinde wa chuma kigumu au wa stenlesi?

Kwenye kaunta ya duka la vifaa makufuli yote yanang'aa. Ukiuliza lipi zuri utaonyeshwa lililo zito, ukiuliza tena utaonyeshwa lililo ghali. Kwa mtu anayeishi Lamu swali la kwanza ni mahali kufuli litakaponing'inia, kwa sababu huku lina maadui wawili, mwizi na chumvi, na kinachomzuia mmoja mara nyingi humrahisishia kazi mwenzake. Chuma kigumu kinachoushinda msumeno ndicho kinacholiwa na chumvi upesi. Stenlesi inahimili chumvi, lakini ni laini zaidi kwa mkasi wa kukatia vyuma. Kwa makufuli ya bei ya kawaida huwezi kupata yote mawili kwa ukamilifu, kwa hiyo kuchagua ni kuamua adui yupi yuko karibu zaidi na mlango wako.

Nitashika mfano mmoja niufuate. Familia ina sehemu tatu za kufunga. Ya kwanza ni nyumba ya zamani Mkomani, ndani ya mitaa, yenye mlango wa nakshi uliokaa ndani ya daka. Ya pili ni stoo ya nyavu na mafuta inayotazama bahari, hatua chache kutoka gatini. Ya tatu ni mnyororo unaofungia mashine ya boti. Mwenye mali amewekewa mezani makufuli matatu yenye upana wa milimita 50. La kwanza lina mwili wa vibati vya chuma vilivyobanwa pamoja, na upinde wa chuma kigumu uliopakwa kromu. La pili lina mwili wa shaba ya njano na upinde uleule wa chuma kigumu wenye kromu. La tatu lina mwili wa shaba ya njano na upinde wa stenlesi. Kwa mbali, la pili na la tatu huwezi kuyatofautisha.

Upinde, na mahali kutu inapoanzia

Nikisema upinde nakusudia ile sehemu iliyopinda inayopita kwenye tumbuu. Wa chuma kigumu umepitishwa motoni na kupozwa kwa namna ya kuukomaza, na aghalabu ni ngozi yake ya nje iliyo ngumu zaidi. Msumeno wa mkono ukiuweka juu yake hauumi, unateleza tu na kuchakaa meno. Mkasi wa chuma nao unahitaji mikono mirefu na nguvu nyingi. Kwa upande wa mwizi, basi, kufuli la kwanza na la pili yana upinde mzuri kuliko la tatu.

Tatizo ni kwamba kinachoukinga upinde huo na kutu ni kromu peke yake, na kromu ile ni ngozi nyembamba sana. Inachubuka mahali pawili. Pa kwanza ni pale upinde unaposuguana na tumbuu kila upepo ukitikisa mlango. Pa pili, ambapo ndipo panapoua makufuli mengi ya huku, ni pale mguu wa upinde unapoingia kwenye mwili wa kufuli. Hapo unyevu wa chumvi unakaa, na vyuma viwili tofauti vimegusana ndani yake. Chuma na shaba ya njano vikikutana kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinachojitoa na kuoza ili shaba ibaki salama. Kwa hiyo mwili wa shaba wa kufuli la pili utabaki mzima huku mguu wa upinde ukioza ndani ya tundu lake.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Tundu ni la kubana, kwa hiyo mguu unavimba na kukwama. Dalili zake zinakuja kwa mpangilio, na mtu anaweza kuzifuata. Kwanza unaona pete ya rangi ya kahawia kwenye shina la upinde. Kisha siku moja unageuza ufunguo, unazunguka vizuri, lakini upinde haurukii juu kama zamani, mpaka uuvute kwa mkono. Mwishoni ufunguo unazunguka na upinde hautoki kabisa. Watu wengi hapo hulaumu ufunguo, wakaukaza, ukavunjikia ndani. Ufunguo hauna kosa. Kama unazunguka hadi mwisho wake, mtambo wa ndani umekwisha kuachia, na kinachoshika ni kutu kwenye mguu.

Kufuli la kwanza, la vibati, lina shida hiyo na nyingine juu yake. Maji yanaingia katikati ya kibati na kibati na hayatoki. Mtindo huu ni wa Marekani, uliopewa umaarufu na kampuni ya Master Lock iliyoanzishwa Milwaukee mwaka 1921, na sifa yake ya kuhimili nyundo ni ya kweli. Lakini kwa mlango unaotazama bahari silipendekezi, hata likiwa la nembo ya hakika.

La tatu halitakwama kwa namna hiyo. Stenlesi nayo ina daraja. Zinazotajwa sana ni 304 na 316, na ya pili ina molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, ambayo ndiyo inayoisaidia dhidi ya vijishimo vinavyochimbwa na chumvi. Ile 304 hapa pwani hupata madoa ya rangi ya chai baada ya muda, lakini madoa hayo ni ya juu juu, hayavimbishi upinde. Na usishtuke ukiona kutu kwenye upinde wa stenlesi pale unapogusa tumbuu: mara nyingi ni ya tumbuu, imehamia. Ifute kwa kitambaa na maji baridi uone kama chini yake chuma ni laini.

Udhaifu wa stenlesi hizi ni kwamba haziwezi kukomazwa kwa moto. Mkasi unaoshindwa na upinde mgumu wa milimita 8 unaweza kuukata wa stenlesi wa unene huohuo. Dawa yake ni unene. Kufuli la milimita 40 kwa kawaida lina upinde wa karibu milimita 6, na la 50 wa karibu 8. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chuma cha kukatwa kinapimwa kwa eneo la mkato, na kutoka 6 kwenda 8 eneo hilo linakaribia kuongezeka maradufu. Ukichagua stenlesi, panda saizi moja juu ya ile ambayo ungechukua ya chuma kigumu.

Ili usiuziwe kimoja kwa jina la kingine, nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa. Upinde wa chuma kigumu unaivuta kwa nguvu. Wa stenlesi hauivuti, au unaivuta kidogo tu pale ulipopindwa, na huko kuvuta kidogo si dalili ya ulaghai, ni kazi ya kupindwa ukiwa baridi. Kisha gusisha mwili. Ukiinasa sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Usipoinasa bado usiseme ni shaba, kwa sababu zinki nayo hainasi. Kwa zinki, kwaruza kidogo upande wa chini kwa ncha ya ufunguo: shaba ya njano ni njano mpaka ndani, zinki inatoa weupe wa kijivu. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kukwaruza lile utakalolinunua.

Sasa turudi kwa familia yetu. Mlango wa Mkomani uko ndani ya daka, haupigwi na mvua wala rasharasha za bahari, na mtaa ni mwembamba na usiku una utulivu wa kumpa mtu muda wa kukata. Hapo nachukua kufuli la pili, shaba na chuma kigumu, la milimita 50. Stoo inayotazama bahari nachukua la tatu, stenlesi, lakini la milimita 60. Wakati wa Kusi rasharasha zinafika mlangoni, na kufuli la chuma kigumu likikwama hapo mwenye stoo ndiye atakayelikata kwa grainda, na akiwa amelikata atalala bila kufuli. Kwa mnyororo wa boti ni stenlesi tena, lenye koti la plastiki na kifuniko cha tundu la ufunguo. Hakikisha koti hilo lina tundu la kutolea maji kwa chini. Lisipokuwa nalo, linahifadhi maji ya chumvi badala ya kuyazuia.

Kilicho ndani

Makufuli mengi ya dukani ni ya pini na springi, mtindo uliopata hataza kwa jina la Linus Yale mdogo wa Marekani miaka ya 1860. Pini zinasukumwa chini na springi ndogo, na meno ya ufunguo wa kweli yanaziinua zote hadi kimo kimoja, silinda ikapata kuzunguka. Pini tano zilizochongwa kwa usahihi ni kazi nzuri kwa nyumba ya kawaida. Kwa huku pwani springi ndizo zinazokufa kwanza, hasa kwenye makufuli ya bei ya chini ambamo ni za chuma cha kawaida. Utajua kwa sababu ufunguo hauingii hadi mwisho, au unaingia ukiwa umetikiswa. Kufuli lenye upinde wa stenlesi na springi za chuma limetatua nusu ya tatizo tu, kwa hiyo soma paketi uone kama inasema sehemu za ndani nazo hazishiki kutu.

Jambo linalosahauliwa ni namna mtambo unavyoushika upinde, na hili unaweza kuliona kwa macho. Fungua kufuli, vuta upinde juu, uuzungushe na utazame pande za ndani za miguu yote miwili. Ukiona mkato kwenye mguu mmoja tu, wenye ukingo wa mshazari, upinde unashikwa na ulimi mdogo unaosukumwa na springi. Ulimi huo unaweza kurudishwa nyuma kwa kibati chembamba kinachoteremshwa kando ya mguu, bila kugusa pini hata moja. Mikato kwenye miguu yote miwili ni afadhali. Bora zaidi ni mikato ya duara kwenye miguu yote, dalili ya kwamba kilicho ndani ni gololi mbili za chuma zilizotengwa na kipande kinachozunguka na ufunguo. Gololi hizo hazina springi nyuma yake ya kurudishwa, kibati hakizifanyi kitu. Kati ya makufuli mawili ya bei moja, la gololi ndilo la kununua, hata kama lile jingine lina pini nyingi zaidi.

Mtambo mwingine wa kujua ni wa diski. Ulibuniwa Finland na Emil Henriksson mwaka 1907, na ndio uliozaa jina la Abloy. Ndani hamna pini wala springi za kuzisukuma. Kuna diski zilizopangwa mstari, ufunguo unazizungusha moja moja kila moja kwa kiasi chake, mpaka mikato yao ilingane na kijiti kidogo cha chuma kiingie humo. Kwa kuwa hakuna springi zinazotegemewa, mchanga na chumvi havina pa kuanzia, na hiyo ndiyo sababu mtambo huu unapendwa bandarini na kwenye nchi za baridi kali. Kwa mnyororo wa boti yetu ningeufikiria kama mashine ni ya thamani. Lakini ufunguo wake wa nusu duara hauchongwi kwa mashine ya kawaida ya fundi funguo wa mtaani. Nunua likiwa na funguo za kutosha tangu mwanzo, na moja uiweke nyumbani, mbali na boti.

Nembo

Sifa ya nembo ina maana, lakini ni sifa ya modeli fulani, si ya jina lote. Abus ya Ujerumani, ambayo ipo tangu 1924, inatengeneza kufuli la shaba la mfululizo wa 65 lenye upinde wa chuma kigumu, na 65IB linalofanana nalo ila upinde ni wa stenlesi. Herufi mbili tu zinabeba tofauti yote niliyoieleza hapo juu. Mfululizo wa 70IB ndio wenye koti na kifuniko. Mtu akikwambia "chukua Abus" hajakwambia kitu bado.

Yale na Union leo zimo ndani ya kampuni moja, Assa Abloy ya Uswidi, ambayo ndiyo yenye Abloy pia. Union Wakenya wanaijua kwa vitasa zaidi. Viro ni ya Italia. Tri-Circle ni ya Uchina, imeenea Afrika Mashariki, na kwa kazi ndogo kama kabati au geti la kuku sina neno nayo. Kwa mlango wa stoo ningetaka daraja iliyopimwa. Kipimo cha Ulaya cha makufuli, EN 12320, kina daraja 1 hadi 6, na 1 ndiyo ya chini kabisa. Nambari hiyo ikiandikwa kwenye paketi inakwambia mengi kuliko jina. Maneno kama "usalama wa hali ya juu" bila nambari yoyote hayakwambii lolote.

Nembo zinaigwa, tena wakati mwingine herufi moja tu ndiyo iliyobadilishwa. Mbali na kusoma jina polepole, kuna jaribio ninaloliamini kuliko yote. Omba makufuli manne au matano kutoka kasha moja, uchukue ufunguo wa moja ujaribu kwenye mengine yote, ukiuvuta nje kidogo kidogo huku ukiuzungusha taratibu. Kwenye makufuli yaliyochongwa vibaya utakuta ufunguo wa huku unafungua na kule. Likitokea hilo mara moja, acha kasha zima, hata kama jina lililopigwa juu yake ni kubwa. Tazama pia mapigo ya herufi kwenye shaba: ya kiwandani yana kingo kali na kina kimoja, ya kuiga yana kina kisicholingana.

Tumbuu na pete

Kufuli la stoo yetu la milimita 60 litakuwa kazi bure kama tumbuu imeshikwa na misumari miwili kwenye mbao iliyolowa chumvi miaka mingi. Nondo fupi itaing'oa na kufuli likiwa limefungwa vilevile. Tumbuu na pete zishikwe kwa boliti zinazopenya ubao hadi ndani, zenye vichwa vya duara nje visivyoshikika kwa spana, na nati ziwe ndani juu ya bamba. Kisha upinde ujaze tundu la tumbuu. Nafasi kubwa inayobaki ndani ya upinde ndiyo anayoingizia mwizi nondo ya kusokotea, kwa hiyo upinde mrefu haufai mlangoni ila pale ambapo mnyororo unaulazimisha.

Kwa mlango wa nakshi wa Mkomani ushauri wangu ni mwingine. Usikubali fundi atoboe mfaa ili aweke kitasa cha kisasa. Mfaa ulionakshiwa ukishatobolewa haurudi, na ubao wa zamani unaweza kupasuka kufuata nyuzi zake. Tumia mnyororo au pete iliyopo, uimarishe tumbuu yake kwa ndani, na usiku ukiwa ndani tegemea komeo na kia.

Vitasa vya milango ya kisasa

Kwa nyumba mpya, za Malindi kwa mfano, watu wengi huuziwa kitasa cha liva mbili au tatu, chenye ufunguo wa bomba na ulimi mmoja. Liva ni vibapa vya chuma vinavyoinuliwa na ufunguo. Vikiwa viwili tu michanganyiko ni michache, na ndiyo maana katika ploti moja ufunguo wa jirani unaweza kufungua chumba chako. Liva mbili ni za milango ya ndani. Mlango wa nje utake liva tano: kipimo cha Uingereza cha BS 3621 kinataka angalau michanganyiko 1,000 na komeo linalotoka milimita 20, na ukikuta alama hiyo una kitasa cha kweli. Cha silinda ni rahisi kubadilishia ufunguo mpangaji akihama, lakini silinda isichomoze zaidi ya milimita 3 nje ya bamba lake, kwa sababu ina sehemu nyembamba katikati, pale skrubu inapopita, na ikishikika kwa koleo huvunjika hapo.

Kuyatunza

Kufuli la pwani huoshwa kabla ya kutiwa mafuta. Mafuta yakiwekwa juu ya chumvi huifungia ndani. Tumia maji matamu, ya mvua au yale ya Shela, na si ya kisima cha mjini kilichoingia chumvi. Limwagie kwenye miguu ya upinde na tundu la ufunguo, likung'ute, liache likauke kivulini, kisha tia tone la mafuta mepesi ya mashine kwenye kila mguu na kwenye tundu, ufunge na kufungua mara kadhaa, na ufute yanayobaki nje ili yasishike mchanga. Poda ya penseli wengi huipenda, na kwa kitasa cha ndani ya nyumba haina ubaya. Kwa kufuli la baharini iache: ikichanganyika na maji ya chumvi inakiharakisha chuma kuoza. Stoo na boti zioshwe kila mwezi wakati wa Kusi, mlango wa ndani ya daka mara chache kwa mwaka unatosha. Upinde ukianza kuhitaji kuvutwa kwa mkono hata baada ya kuoshwa na kutiwa mafuta, nunua jingine wiki hiyohiyo, hili likiwa bado linafunguka kwa ufunguo wake.